Mteja amekasirika, mzigo haujafika: nimjibu vipi?

*"Nina miaka 24, nipo Lindi mjini, nauza mafuta ya nazi. Jumatatu nilituma kwa basi dumu sita za lita 20 kwa mteja wa Dar es Salaam, zifike Jumanne. Leo Alhamisi hazijafika. Jana usiku ameniandikia barua pepe kali, nakala kwa bosi wake: mimi tapeli, anataka advansi yake yote irudi pamoja na fidia, na hatafanya biashara nami tena. Kosa ni la watu wa basi, si langu. Nimeandika majibu nikayafuta. Nikiomba radhi, si nitakuwa nimekubali kulipa? Na nikisimama imara, si ndiyo nammaliza kabisa? Naomba ushauri."*

Mdogo wangu, kabla hujagusa hiyo barua pepe, chukua risiti ya mzigo uende ofisi ya basi, usimame pale kaunta. Usipige simu tu, kwa sababu kwenye simu utaambiwa "upo njiani" na hilo si jibu. Unataka kujua mambo matatu: dumu ziliingia gari gani na siku gani, kwa sasa ziko wapi, na nani ameziona kwa macho yake. Barua inayomrudisha mteja haiandikwi na mtu asiyejua mzigo uko wapi. Na kama baada ya kusimama pale kaunta bado hakuna anayejua, hiyo nayo ni habari ya kumwandikia, nami nitakuonyesha namna yake huko chini.

Nikupe kwanza kisa cha binti mmoja wa Mtwara, kwa sababu jambo lake linafanana na lako na barua yake naijua vizuri. Aliniletea kabla ya kuituma.

Binti huyu hununua korosho zilizobanguliwa kwa akina mama wa Newala, anazipanga, anazifunga kwenye mifuko iliyofyonzwa hewa na kuzituma Dar es Salaam. Mteja wake mkubwa alikuwa duka linalotengeneza vikapu vya zawadi. Pale alikuwa akiwasiliana na dada mmoja wa manunuzi. Oda ilikuwa kilo 40 za daraja la W320, yaani nyeupe nzima zenye punje zinazokaribia 320 kwa ratili, kwenye pakiti 80 za nusu kilo, maboksi manne. Bei 28,000 kwa kilo, jumla 1,120,000, na nusu yake, 560,000, ilikuwa imeshalipwa. Nauli ya mzigo, 20,000, ilikuwa ya mnunuzi. Mzigo ulitakiwa ufike Alhamisi, kwa sababu Ijumaa vikapu vinafungwa na Jumamosi saa 4 asubuhi vinapelekwa kwa kampuni iliyoviagiza. Hayo yote dada wa manunuzi alimwandikia mwanzoni kabisa, na kumbuka hilo, lina uzito wake mbele.

Jumatano jioni binti akakabidhi maboksi kwa wakala wa basi, akapewa risiti, akamwandikia mteja: "Mzigo umeondoka." Ijumaa saa 3 asubuhi akapokea barua pepe. Mzigo haujaonekana, mmetudanganya, bosi wangu yuko kwenye nakala, tunataka fedha yetu yote na fidia ya kazi mliyotuharibia, na huu ndio mwisho.

Alikwenda kaunta. Ikabainika kwamba Jumatano usiku buti la gari lilijaa, maboksi yakabaki stoo nyuma ya viroba vya watu wengine, Alhamisi yakarukwa tena, na hakuna aliyempigia simu. Yalipakiwa Ijumaa saa 12 asubuhi. Binti hakuridhika na hilo. Akaomba namba ya konda, akampigia akiwa palepale. Konda akamwambia basi limeshatoka Lindi mjini na maboksi manne yenye jina lake kwa maka peni anayaona. Hapo ndipo alipokuja kwangu na rasimu ya jibu lake.

Rasimu ile naikumbuka. Ilianza hivi: "Ndugu Mteja, tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tunapenda kukujulisha kwamba kilichotokea kilikuwa nje ya uwezo wetu kwani kampuni ya basi haikusafirisha mzigo kwa wakati ingawa sisi tuliukabidhi mapema." Halafu aya nzima kuhusu tabia za mabasi. Halafu: "Si vizuri kutuita wadanganyifu kwa sababu tumefanya biashara vizuri muda wote." Mwisho: "Tunakuahidi haitatokea tena."

Soma rasimu hiyo kama yule dada wa Dar es Salaam, akiwa na meza iliyojaa vikapu vitupu na bosi amesimama mlangoni. Mzigo uko wapi? Haijasemwa. Utafika saa ngapi? Haijasemwa. Nimwambie nini bosi? Hakuna. Kila sentensi inamtetea aliyeandika. Na hapa ndipo wengi tunapokosea kuisoma hasira ya mteja wa biashara. Tunadhani ametukasirikia sisi kama watu, kwa hiyo tunajieleza ili atuone watu wema. Kumbe mnunuzi wa dukani naye ameshamwahidi mtu. Amempa bosi wake neno, bosi amempa mteja wake neno, na sasa neno hilo linavunjika mkononi mwake yeye. Ukali ule ni wa mtu aliyebanwa. Ndiyo maana aliweka nakala kwa bosi: anajitafutia ushahidi kwamba kosa si lake. Barua itakayomtuliza ni ile inayompa kitu cha kupeleka juu, akiisukuma kama ilivyo, bila kuongeza neno.

Tukaketi, akaiandika upya. Hii ndiyo aliyoituma saa 4 kasoro dakika 10:

> Habari za asubuhi Dada,
>
> Korosho zako kilo 40 hazikufika jana kama tulivyokubaliana. Ziko kwenye basi lililotoka Mtwara leo saa 12 asubuhi. Nimezungumza na konda na ameyaona maboksi yote manne. Zitafika dukani kwenu leo kabla ya saa 2 usiku.
>
> Niliukabidhi mzigo kwa wakala Jumatano jioni, gari likajaa, ukabaki stoo hadi leo. Nilikuandikia kwamba umeondoka kabla sijahakikisha umepakiwa. Hilo ni kosa langu na naomba radhi.
>
> Ukiamua kuusubiri, bajaji ya kutoka Mbagala hadi dukani nalipa mimi, na ile nauli ya basi 20,000 hutadaiwa. Ukiona huwezi kusubiri, nunua kwingine. Niandikie kabla ya saa 8 mchana, na 560,000 yako nitairudisha leo kwa njia ileile uliyonilipia.
>
> Kuhusu fidia: kama kuchelewa huku kutakuingiza kwenye gharama, naomba uniletee hesabu yake na risiti baada ya Jumamosi, tuizungumze. Siwezi kukubali kiasi leo kabla gharama yenyewe haijajulikana.
>
> Nitakuandikia tena saa 8 mchana, na saa 11 jioni basi likikaribia Mbagala. Simu yangu iko wazi wakati wote.

Barua nzima inasomeka kwa dakika moja kwenye simu. Binti aliituma palepale kwenye mazungumzo yaleyale, kwa wote waliokuwamo, bosi akiwemo. Usifungue barua mpya wala usibadilishe kichwa cha habari: kwenye Gmail, kwa mfano, ukibadilisha kichwa, jibu lako linatengana na mazungumzo ya awali, na bosi atabaki anasoma malalamiko bila kuliona jibu. Kisha akamtumia yule dada ujumbe mfupi wa simu: "Dada, nimekujibu kwenye barua pepe." Basi. Hakumpigia simu mfululizo, maana mtu aliyekasirika akikuta simu kumi ambazo hakuzipokea anaona anasumbuliwa.

Tuipitie kidogo, kwa sababu kila aya ina kazi yake.

Salamu kwanza. Siku zote alikuwa akimwita Dada, kwa hiyo leo pia ni Dada. "Ndugu Mteja" ya ghafla katikati ya ugomvi inamwambia mtu kwamba uhusiano umeshakatika na sasa tunaandikiana kama watu wa mahakamani.

Muda ndio uliotuchukua nafasi kubwa pale mezani. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na basi la alfajiri kwa kawaida huingia Mbagala saa 10 au 11 jioni. Binti alitaka kuandika "saa 11 jioni" kwa sababu ilipendeza zaidi. Nilimkatalia. Mteja huyu hakuhitaji mzigo saa 11. Alihitaji ufike usiku ule ili wafungaji wafanye kazi. Ukimwahidi saa 11 ukafika saa 12 na nusu, umevunja ahadi ya pili ndani ya siku mbili, na ya pili haisamehewi. Ukimwahidi saa 2 usiku ukafika saa 1, umetimiza. Kwa hiyo chukua muda aliokupa konda, ongeza foleni ya kuingia mjini, ongeza kushusha mizigo, ongeza bajaji, ndipo uandike.

Kosa alilikiri, lakini lina mipaka. Hakusema "yote ni makosa yangu" wala hakumtupia wakala lawama zote. Alitaja kitu kimoja alichokifanya yeye: kuandika kwamba mzigo umeondoka ilhali hakuwa na uhakika. Na hicho ndicho kilichomuumiza mteja zaidi, kwa sababu kwa ujumbe ule alimhakikishia bosi wake. Neno "mmetudanganya" lilitoka hapo. Alipolikiri tu, hakukuwa na haja ya kubishana kama yeye ni mwongo au si mwongo. Tusi halikujibiwa popote kwenye barua, na hakuna aliyeona pengo.

Sasa nije kwenye hofu yako kuhusu radhi. Ni kweli barua pepe ni ushahidi; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazipa barua za namna hii nafasi mbele ya mahakama. Kwa sababu hiyo usiandike "nitalipa hasara yako yote", wala usiandike jambo usilolijua. Lakini kuomba radhi kwa tukio lililotokea kweli hakuongezi deni ambalo halikuwapo. Deni linatokana na mlichokubaliana na kilichovunjwa. Mzigo ulichelewa: hilo mteja analijua tayari, hulifichi kwa kunyamaza.

Na hili la "kosa ni la watu wa basi" lina sura mbili. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akikuagiza umpelekee mzigo kwa msafirishaji, kuukabidhi kwa msafirishaji kwa kawaida huhesabiwa kuwa umeukabidhi kwake. Wauzaji wengi wameisikia nusu hiyo na wanaipenda. Lakini ni kwa kawaida tu, kama hamkukubaliana vinginevyo, na ni sharti uwe umefanya mpango wa busara na huyo msafirishaji. Kama uliandika "zitafika dukani kwako Jumanne", basi ahadi yako haikuishia stendi ya Lindi, iliishia dukani. Rudi kwenye ujumbe wenu wa kuagiza uone ulichoandika. Hata kama sheria iko upande wako, madai yako dhidi ya basi ni ugomvi wa peke yake, kati yako na ofisi ya basi. Ukiyaingiza kwenye barua ya mteja, unamkabidhi ugomvi ambao hakuununua.

Kumpa mteja uchaguzi wa kusubiri au kurudishiwa fedha watu huona ni ukarimu. Mara nyingi ni haki yake tu. Muda unapokuwa sehemu ya lazima ya makubaliano, kama ilivyokuwa kwa vikapu vya Jumamosi, mnunuzi anaweza kuukataa mzigo uliochelewa na kudai advansi yake. Binti aliitaja haki hiyo kabla mteja hajaidai mara ya pili, na akaiwekea saa: kabla ya saa 8 mchana. Saa ile ilimlinda yeye pia. Bila hiyo, mteja angeweza kunyamaza mpaka mzigo ufike mlangoni, kisha aukatae, na binti abaki na maboksi manne Dar es Salaam usiku bila mtu wa kuyapokea.

Aya ya fidia ndiyo iliyokuwa na uimara wote, na itazame vizuri ilivyokaa. Haikusema "hatulipi fidia". Asingeweza kusema hivyo kwa haki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Hasara ya mbali, isiyotarajiwa, haimo. Binti alikuwa ameambiwa kwa maandishi kuhusu Jumamosi, kwa hiyo hakuweza kudai hakujua. Lakini Ijumaa asubuhi hakuna kilichokuwa kimeshaharibika. Vikapu vilikuwa bado vinaweza kufungwa. Alichokataa ni kupanga bei ya hasara ambayo haijatokea, akaeleza ni lini na kwa karatasi gani ataizungumza. Hakuna sauti kali pale, wala hakuna kuyumba. Uimara kwenye barua ya biashara ni huo: kitu utakachofanya, kitu usichoweza kufanya, na saa ya kila kimoja.

Sentensi ya mwisho, ya kuandika tena saa 8 na saa 11, watu huiruka. Usiiruke. Mtu anayesubiri bila kujua habari inayofuata itakuja lini hukaa anapiga simu, na kila simu isiyopokelewa inamrudisha kwenye hasira ya asubuhi. Ukimpa saa, anapumua mpaka saa hiyo. Lakini uiheshimu hata kama huna jipya. Binti aliandika saa 8 kamili: "Basi limevuka Daraja la Mkapa, maboksi yapo." Maneno saba hayo yalifanya kazi kuliko aya mbili za kubembeleza.

Majibu ya mteja yalikuja saa 6 mchana, mstari mmoja: "Nasubiri. Saa 2 usiku, si zaidi." Hakusema asante. Bajaji ilifika dukani saa 1 na dakika 20. Boksi moja lilikuwa limebonyea pembeni na pakiti tatu zilikuwa zimeingia hewa, korosho zinacheza ndani ya mfuko. Binti hakusubiri kuulizwa mara mbili. Akakata 42,000 kwenye deni. Jumatatu ikaja hesabu ya wafungaji wawili waliobaki usiku, 30,000, na karatasi yenye saini zao. Hiyo ilikuwa gharama ya kweli iliyotokana na kuchelewa, naye akaikubali. Salio likalipwa 488,000. Ukijumlisha nauli ya basi na bajaji ya 15,000, siku ile ilimgharimu 107,000. Ni fedha inayouma kwenye oda ya 1,120,000, sikufichi.

Na mteja hakurudi kwa mikono miwili siku ya pili. Baada ya mwezi hivi aliagiza kilo 15, bila advansi, malipo mzigo ukifika. Binti aliona ni kudharauliwa. Mimi nilimwambia akubali, kwa sharti kwamba kilo ziwe zile anazoweza kuzibeba kwa mtaji wake bila kukopa. Duka lilikuwa linampima. Safari hiyo alituma picha ya maboksi yakiwa ndani ya buti, na namba ya gari, kabla ya kuandika kwamba mzigo umeondoka. Oda iliyofuata ilikuwa kilo 40 na nusu ya fedha mbele kama zamani.

Tuje kwako sasa. Tofauti yako na yeye ni kwamba mzigo wako haujulikani uliko, na umeshapita siku mbili. Kwa hiyo pale kaunta ya Lindi uliza pia kama dumu ziliwekwa kando kwa kuvuja. Mafuta yakichuruzika kwenye buti yanaharibu mizigo ya wengine, na dumu lenye kifuniko kisichofungwa kwa nailoni ndilo la kwanza kushushwa njiani likasahaulika kwenye ofisi ya kati, Nangurukuru au Kibiti. Wapigie wenye ofisi hizo, usimwachie wakala peke yake.

Ukipata jibu, andika kama binti alivyoandika, kwa maneno yako. Usipopata, andika leo hivyohivyo, usingoje. Mwambie: "Hadi saa 5 asubuhi ya leo dumu zako sita hazijapatikana. Zilipokelewa na wakala wa Lindi Jumatatu, risiti ninayo, picha yake nimeiambatisha. Natafuta kwenye ofisi za njiani leo nzima. Zisipopatikana hadi kesho saa 6 mchana, nitakurudishia advansi yako kesho hiyohiyo." Au, kama una dumu nyingine sita stoo na mtaji unaruhusu, mpe achague kati ya fedha na mzigo mpya. Chagua ahadi unayoweza kuitimiza kwa fedha iliyoko mfukoni leo. Usiahidi kurudisha advansi kwa kutegemea fidia ya basi, kwa sababu hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa, na ukisoma nyuma ya risiti unaweza kukuta wameandika kikomo cha wanachokubali kulipa.

Kuna wakati "nje ya uwezo wetu" ni kweli tupu. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam ndani ya Kilwa, magari yalikwama na hakuna aliyekuwa na la kufanya. Hata hapo mteja anahitaji kujua mzigo umekwama upande gani, uko salama au umelowa, na utamwandikia tena lini. Na advansi yake bado ni mali yake kama mzigo haumfai tena.

Akiijibu barua yako kwa kusema bado anataka fedha yake, irudishe siku hiyohiyo bila neno la lawama, umtumie na uthibitisho wa muamala. Wapo watakaoondoka hata kwa barua nzuri kiasi gani, hasa kama ulishawahi kuchelewesha mara mbili au tatu. Barua haifuti mwenendo. Lakini aliyerudishiwa fedha upesi hana la kukuchafulia kwa wenzake wa Kariakoo.

Yako mambo ambayo usiyamalize kwa barua pepe wala kwa ushauri wangu huu. Ukipokea notisi kutoka kwa wakili wake, usiijibu mwenyewe. Nenda kwa wakili, au kwa watoa msaada wa kisheria kama huna uwezo wa kumlipa, ukiwa na risiti na mazungumzo yote yaliyochapishwa. Fanya hivyo pia kama mlisaini mkataba wenye kipengele cha adhabu ya kuchelewa, au kama ameripoti polisi kwamba umemtapeli. Na kama dumu zimepotea kabisa na ofisi ya basi inakuzungusha, mwone afisa biashara wa halmashauri yako akuelekeze pa kupeleka madai. Nenda na risiti halisi, na ubaki na picha yake, kwa sababu karatasi zile za kaunta huweza kufifia wino.